Msimbo wa AVL unapita majaribio madogo, unafeli makubwa: jinsi ya kumwandikia mwalimu, na jinsi ya kulipata kosa

Barua ya namna hii huwafikia walimu wa miundo ya data kila muhula:

> Mwalimu, shikamoo. Mti wangu wa AVL unafanya kazi vizuri nikiingiza namba 5 au 10, lakini jaribio kubwa linafeli. Nimeusoma msimbo mara nyingi sioni kosa. Naomba unisaidie.

Mwalimu hawezi kuijibu. Haijasema namba ziliingia kwa mpangilio gani, jaribio lilifeli kwa ujumbe gani, wala mwanafunzi alipima nini alipoona kwamba namba 10 "zinafanya kazi vizuri". Tena neno "kubwa" linampotosha mwandishi mwenyewe. Katika mti wa AVL wingi wa data huwa si chanzo cha kosa. Kosa huwa limekaa ndani ya mti wa nodi tatu, ila jaribio dogo halikulitazama mahali lilipo.

Mwongozo huu unaonyesha hatua za kuligeuza jaribio kubwa kuwa dogo, barua inavyopaswa kusomeka baada ya hapo, na jibu lake. Mfano ni wa Python, lakini kosa lenyewe hutokea vilevile katika C na Java.

Msimbo unaolalamikiwa

Katika msimbo huu jani lina kimo 1, na mahali pasipo na nodi pana kimo 0. Fanksheni `ingiza` inateremka hadi mahali pa ufunguo mpya. Ikirudi juu, katika kila nodi inakokotoa kimo upya, kisha inatoa kimo cha kulia kutoka kimo cha kushoto ili kupata urari. Urari ukizidi 1 au ukishuka chini ya -1, inazungusha. Mzunguko wa kushoto umeandikwa hivi:

```python
def zungusha_kushoto(x):
    y = x.kulia
    x.kulia = y.kushoto
    y.kushoto = x
    y.kimo = 1 + max(kimo(y.kushoto), kimo(y.kulia))
    x.kimo = 1 + max(kimo(x.kushoto), kimo(x.kulia))
    return y
```

Mzunguko wa kulia ni uleule, kushoto na kulia vikiwa vimebadilishana. Viungo vyote vimehamishwa sawasawa, na hakuna mstari uliosahaulika. Ndiyo maana kusoma mara nyingi hakusaidii: macho yanafuata viungo, na viungo havina tatizo.

Hatua ya 1: Andika mkaguzi asiyeuamini mti

Jaribio ambalo wanafunzi wengi huanza nalo ni kuuchapisha mti kutoka kushoto kwenda kulia na kuona kama namba zimetoka kwa mpangilio. Jaribio hilo halipimi urari hata kidogo. Mzunguko haubadilishi mpangilio wa funguo, kwa hiyo hata mti uliopinda upande mmoja kama mnyororo utachapisha namba zake zikiwa zimepangwa vizuri.

Wengine huongeza ukaguzi wa urari, lakini wanasoma vimo vilivyohifadhiwa ndani ya nodi zenyewe. Hapo mti unajitolea ushahidi. Kama vimo vimeandikwa vibaya, urari unaotokana navyo haukwambii chochote kuhusu umbo halisi.

Mkaguzi anayefaa anahesabu kimo mwenyewe kuanzia kwenye majani, kisha analinganisha na kilichoandikwa:

```python
def kagua(n):
    if n is None:
        return 0
    a, b = kagua(n.kushoto), kagua(n.kulia)
    h = 1 + max(a, b)
    assert abs(a - b) <= 1, ("urari", n.ufunguo, a, b)
    assert n.kimo == h, ("kimo", n.ufunguo, n.kimo, h)
    return h
```

Mistari miwili ya `assert` inapima vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo itakayotuongoza. Wa kwanza unauliza kama umbo la mti ni halali. Wa pili unauliza kama kimo kilichoandikwa kwenye nodi ni cha kweli. Umbo linaweza kuwa sahihi kabisa huku kimo kikiwa cha uongo, na uongo huo ukakaa kimya hadi uamuzi fulani wa baadaye utakapoutegemea.

Ongeza pia hesabu ya nodi. Ukiwa umeingiza funguo 7 tofauti, mti uwe na nodi 7. Zikipungua, kuna mahali fanksheni imerudisha mzizi mpya na hukuupokea. Kwa mfano, umeandika `zungusha_kushoto(n.kushoto)` peke yake badala ya `n.kushoto = zungusha_kushoto(n.kushoto)`. Kwa kosa hilo, ukiingiza 3, 1, 2, ufunguo 2 unapotea mtini moja kwa moja.

Hatua ya 2: Kagua baada ya kila ufunguo, si mwishoni

```python
mzizi = None
for k in range(1, 21):
    mzizi = ingiza(mzizi, k)
    kagua(mzizi)
```

Usikagulie mwishoni tu. Mti wenye kosa unaweza kuharibika kwa ufunguo mmoja na kujirekebisha kwa ufunguo unaofuata, na katika mfano wetu ndivyo inavyotokea. Ukikagua kila hatua, unajua ni ufunguo gani hasa ulioharibu.

Gharama yake ni ndogo kwa miti midogo. Kwa funguo 2,000 mkaguzi atatembelea nodi kama milioni 2 kwa jumla, kazi ya muda mfupi. Kwa funguo 10,000 inafika kama milioni 50, na Python itachelewa. Huko juu kagua kila baada ya funguo 500.

Ukiendesha mistari hiyo kwa msimbo wetu, inasimama mara tu ufunguo 3 unapoingia:

```
AssertionError: ('kimo', 2, 4, 2)
```

Nodi yenye ufunguo 2 imeandika kimo 4, na kimo chake halisi ni 2. Mti wenyewe una nodi tatu: 2 juu, 1 kushoto, 3 kulia. Umbo lake halina dosari, ndiyo maana jaribio la mkono kwa karatasi na kalamu lilipita.

Sasa funga kwa muda mstari wa `assert` unaopima kimo, uache ule wa urari, uendeshe tena. Safari hii msimbo unavuka 3, 4, 5 na 6, unasimama kwenye 7:

```
AssertionError: ('urari', 6, 3, 1)
```

Nodi 6, ambayo sasa ni mzizi, ina ngazi tatu kushoto na moja kulia.

Ukimzuia mkaguzi asisimame, umwache aendelee, utaona kwamba 8, 9 na 10 zinapita ukaguzi wa urari bila shida, kisha 11 inavunjika tena, na vibaya zaidi. Hapa ndipo barua ya kwanza inapoeleweka. Mwanafunzi alijaribu namba 5 na namba 10, akatazama mwishoni tu, na kwa saizi hizo mbili umbo la mti linakuwa halali. Angejaribu 7 au 11 angeliona kosa.

Hatua ya 3: Kama jaribio ni la namba za nasibu, lipunguze

Si kila jaribio kubwa huingiza namba kwa kupanda. Kama lako linachanganya, weka kwanza `random.seed(7)` au namba nyingine yoyote isiyobadilika, ili mchanganyiko uwe uleule kila ukiendesha. Kata orodha pale pale mkaguzi aliposimama, maana funguo zilizofuata hazikuhusika. Kisha ondoa ufunguo mmoja mmoja: ukiondoa na kosa likabaki, uache umeondolewa, kosa likitoweka, urudishe. Ukipita orodha yote mara mbili tatu hivi, kwa kawaida zinabaki funguo chache unazoweza kuzichora.

Njia nyingine, ninayoipendelea kwa AVL, ni kuacha nasibu kabisa na kujaribu mipangilio yote. Funguo 1 hadi 7 zina mipangilio 5,040. `itertools.permutations` inaitoa yote, na kujenga miti yote kunahitaji uingizaji 35,280 tu. Jaribio hilo haliachi nafasi ya bahati. Kwa funguo tatu mipangilio ni sita, na minne kati yake inalazimisha mzunguko: 1-2-3, 3-2-1, 1-3-2 na 3-1-2. Hizo ndizo hali nne za vitabuni, na wanafunzi wengi huishia hapo. Lakini kwa nodi tatu hakuna nodi iliyo juu ya mahali pa mzunguko, kwa hiyo hakuna wa kukisoma kimo kilichoandikwa vibaya.

Hatua ya 4: Andika barua upya

> Mwalimu, shikamoo.
>
> Naomba msaada kuhusu mzunguko katika mti wa AVL (Python). Nikiingiza 1, 2, 3 kwa mpangilio huo, umbo la mti ni sahihi: 2 juu, 1 kushoto, 3 kulia. Lakini nodi 2 inaandika kimo 4 badala ya 2. Nikiendelea hadi 7 umbo nalo linaharibika: mzizi unakuwa 6, wenye ngazi tatu kushoto na moja kulia, wakati nilitarajia mzizi 4 na ngazi mbili kila upande. Kwa 8, 9 na 10 urari unarudi kuwa sahihi, kisha kwa 11 unavunjika tena.
>
> Nimeambatisha fanksheni mbili za mzunguko, `ingiza`, na mkaguzi anayehesabu vimo upya. Hakuna nodi inayopotea na mpangilio wa funguo uko sawa, kwa hiyo nadhani viungo viko salama na kosa liko kwenye vimo. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: kama kimo kimeshakosewa kwenye ufunguo wa 3, kwa nini umbo linadumu hadi wa 7?
>
> Ahsante, Mwalimu.

Tazama kilichomo: mpangilio kamili wa funguo, kilichopatikana, kilichotarajiwa, alichokwisha kukiondoa katika orodha ya washukiwa, na swali moja. Ambatisha faili inayoendeshwa, si picha ya skrini. Mwalimu anataka kunakili na kuendesha, na picha hainakiliki.

Jibu la barua: fuata vimo, nodi kwa nodi

Anza na 1, 2, 3. Ufunguo 3 unapoingia, nodi 3 ina kimo 1, nodi 2 ina kimo 2, nodi 1 ina kimo 3. Urari wa nodi 1 ni -2, kwa hiyo inazungushwa kushoto: `x` ni 1, `y` ni 2. Baada ya viungo kuhamishwa, `x` iko chini ya `y`. Mstari unaofuata unakokotoa kimo cha `y` kwa kusoma kimo cha watoto wake, na mmoja wao ni `x`, ambayo bado imebeba kimo chake cha zamani, 3. Jibu ni 1 + 3 = 4. Ndipo `x` inaposahihishwa kuwa 1, lakini `y` imeshaandikwa.

Ingiza 4. Njia inapita 2, kisha 3. Wakati wa kurudi juu, kimo cha nodi 2 kinakokotolewa upya kutokana na watoto wake, ambao vimo vyao ni sahihi, kinatoka 3. Uongo umefutika bila mtu kuusoma. Hili ndilo jibu la kwanza la swali la mwanafunzi: nodi iliyokosewa hurekebishwa ufunguo mwingine unapopita juu yake.

Ingiza 5. Nodi 3 inazungushwa, na 4 inapanda mahali pake ikiwa imeandika kimo 4 badala ya 2. Safari hii juu yake kuna mzizi, nodi 2, na mzizi unasoma uongo huo papo hapo. Unaona 1 kushoto na 4 kulia, urari -3, unazunguka bila sababu. Mti unaotokea una 4 juu, 2 kushoto pamoja na watoto wake 1 na 3, na 5 kulia. Si mti ambao AVL sahihi ingeutoa, ambayo ingeacha 2 kuwa mzizi, lakini ngazi ni mbili kushoto na moja kulia. Ni halali kwa bahati. Hili ni jibu la pili: mzunguko usiohitajika hauharibu umbo kila mara.

Ufunguo 6 unapita bila mzunguko wowote, na vimo kwenye njia yake vinasahihishwa. Ingiza 7. Nodi 5 inazungushwa, 6 inapanda na kimo cha uongo 4. Mzizi 4 unasoma 2 kushoto na 4 kulia, urari -2, unazunguka. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na ngazi mbili kamili, mti uliokuwa umenyooka kabisa. Mzunguko unaunyanyua upande wa kulia na kuushusha wa kushoto: 6 juu, 4 kushoto ikiwa na mti mdogo wa ngazi tatu, na 7 peke yake kulia. Tatu kwa moja.

Ufunguo 8 unakwenda chini ya 7, upande wa kulia unafika ngazi mbili, na urari unakuwa halali tena. Kwenye 11 mizunguko ya uongo inatokea mara mbili mfululizo, kwenye nodi 8 kisha kwenye mzizi, na mti unabaki na 11 peke yake kulia na ngazi nne kushoto.

Kuna jambo moja hapa kuhusu jaribio la urefu, ambalo kozi nyingi hulitumia. Mti wa AVL wa ngazi 4 unahitaji nodi 7 au zaidi, na wa ngazi 5 unahitaji 12 au zaidi. Mti wetu ulioharibika kwa funguo 7 una ngazi 4, kwa hiyo jaribio linalopima urefu peke yake linaupitisha. Wa funguo 11 una ngazi 5, na hapo ndipo jaribio hilo linapoukamata kwa mara ya kwanza.

Marekebisho

Badilisha mahali pa mistari miwili, katika mzunguko wa kushoto na wa kulia pia:

```python
    x.kimo = 1 + max(kimo(x.kushoto), kimo(x.kulia))
    y.kimo = 1 + max(kimo(y.kushoto), kimo(y.kulia))
```

Kanuni yake ni kwamba kimo cha nodi hutokana na watoto wake, kwa hiyo nodi iliyo chini baada ya mzunguko ikokotolewe kwanza. Rudisha `assert` zote mbili, endesha 1 hadi 7, na mti utatoka na 4 juu, 2 na 6 chini yake, na 1, 3, 5, 7 kwenye majani. Kisha endesha mipangilio 5,040 yote. Kurekebisha upande mmoja na kuusahau mwingine hutokea sana, na namba za kupanda peke yake hazitakuonyesha, kwa sababu hazigusi mzunguko wa kulia.

Kama dalili yako si hii

Ukiona `RecursionError` karibu na ufunguo wa 1,000 kwa namba za kupanda, huku namba za nasibu hata 10,000 zikipita, mti wako hauzunguki kabisa. Mara nyingi mstari wa kukokotoa kimo ndani ya `ingiza` haupo, au `ingiza` inarudi kabla ya kuufikia. Nodi zote zinabaki na kimo 1, urari hautoki nje ya -1 hadi 1, na mti unakuwa mnyororo. Namba za nasibu hazionyeshi kosa kwa sababu hata mti wa kawaida usio na urari, ukijengwa kwa nasibu, hubaki na ngazi makumi machache tu. Usiongeze `sys.setrecursionlimit`. Kikomo cha kawaida cha Python ni 1,000, na mti sahihi wa AVL wenye funguo 1,000,000 hauwezi kuzidi ngazi 28. Ukigonga kikomo hicho ndani ya `ingiza`, mti ndio wenye tatizo.

Ukiona `AttributeError: 'NoneType' object has no attribute 'kushoto'` wakati wa kufuta, tazama jinsi unavyochagua kati ya mzunguko mmoja na miwili. Wengi hulinganisha ufunguo na ule wa mtoto: ufunguo ukiwa mkubwa kuliko `n.kushoto.ufunguo`, mizunguko miwili. Kwa kuingiza ni sawa, kwa sababu ufunguo mpya ndio uliorefusha upande huo. Kwa kufuta, ufunguo uliofutwa ulikuwa upande mwingine na haukwambii lolote. Ingiza 3, 2, 4, 1, kisha futa 4. Mzizi 3 unabaki na urari 2, na 4 ni kubwa kuliko 2, kwa hiyo msimbo unaizungusha nodi 2 kushoto, nayo haina mtoto wa kulia. Badala ya ufunguo, tumia urari wa mtoto wa kushoto: ukiwa 0 au zaidi, mzunguko mmoja wa kulia unatosha, ukiwa chini ya 0, ndipo miwili. Ile 0 isiachwe nje, kwa kuwa hali hiyo haitokei wakati wa kuingiza lakini hutokea wakati wa kufuta. Kujaribu, chukua kila mti kati ya ile 5,040, futa kila ufunguo kwa zamu yake katika nakala mpya ya mti, na umwite mkaguzi kila mara. Ni ufutaji 35,280 kwa jumla.